Kitambaa, kukitambua sokoni

Kutambua kitambaa sokoni ni kujua kimefumwa kwa nyuzi gani kabla ya kukinunua, hasa kitenge kinachouzwa kuwa pamba tupu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni moto. Kwa ruhusa ya muuzaji, mnunuzi huchomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana pembeni mwa kitambaa, kwa kuwa vitambaa vingine vina pamba upande mmoja na poliesta upande wa pili. Kila uzi hushikwa kwa kibanio na kuchomwa peke yake, mbali na nguo. Pamba hushika moto upesi, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole. Kisiguswe kabla hakijapoa. Uzi unaonuka karatasi lakini ukaacha chembe ngumu ni mchanganyiko.

Moto hautenganishi pamba na reyoni, kwani zote huungua kama karatasi. Hapo uzi hulowanishwa na kuvutwa: wa reyoni hukatika kirahisi zaidi kuliko ulipokuwa mkavu, wa pamba haudhoofiki.

Mkono nao hudanganywa na wanga. Kitambaa kikifikichwa kwa nguvu, kikatoa unga na kulegea, uzito wake ulikuwa wa wanga. Kikivutwa kidogo kwa upana na nyuzi zikaachana bila kurudi, kitafumuka kwenye mishono. Kisinunuliwe kwa nguo ya kubana.