Je, Mwezi Mpevu Huleta Uchungu wa Kuzaa?

Juma lililopita mama mmoja alitupigia simu kutoka Njoro. Mkaza mwana wake alikuwa amepitisha wiki 40 za ujauzito. "Tunangoja mwezi mpevu umwanzishe uchungu," alisema. "Hata wenye ugonjwa wa akili huchafuka usiku huo."

Mama, imani hiyo ni kongwe, na hata serikali ya kikoloni ilikuja nayo. Mwaka 1910 ilifungua hospitali ya wendawazimu jijini Nairobi, na jina lake la Kiingereza lilitokana na luna, yaani mwezi kwa Kilatini. Wazungu wa kale waliamini kwamba mwezi ndio unaovuruga akili. Mwaka 1924 jina hilo liliondolewa, ikawa Mathari.

Na uzazi je? Katika jimbo la North Carolina, Marekani, madaktari walihesabu watoto 564,039 waliozaliwa kati ya mwaka 1997 na 2001, katika miandamo 62 ya mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: usiku wa mwezi mpevu haukuzidi usiku mwingine.

Wengine husema mwezi huvuta maji ya bahari kule Mombasa, kwa hiyo huvuta maji ya uzazi pia. Lakini bahari hujaa na kupwa kwa sababu ni pana mno. Hata Ziwa Nakuru hulioni likijaa na kupwa kila siku, sembuse maji ya tumboni, ambayo kwa kawaida hayafiki lita moja.

Basi mbona tunaamini? Mtoto akizaliwa mbalamwezi, tunautaja mwezi. Akizaliwa usiku wa giza, hakuna anayeutaja. Jaribu wewe mwenyewe: andika tarehe ya kila mtoto anayezaliwa kijijini kwa mwaka mzima, kisha ulinganishe na kalenda.

Kuna ukweli mdogo, hata hivyo. Utafiti wa Argentina uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba siku chache kabla ya mwezi mpevu watu huchelewa kulala, na usingizi wao hupungua. Kukosa usingizi kunaweza kumwamshia mtu kifafa au ugonjwa wa akili alio nao tayari. Kwa hiyo linda usingizi wake, na asikose dawa.

Sasa, mkaza mwana wako aende kliniki leo. Mimba ikifika wiki 41, wahudumu huzungumzia kuanzisha uchungu, kwa maana kuchelewa sana kunamhatarisha mtoto. Akitokwa na damu, chupa ikipasuka, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza, mkimbizeni hospitalini saa hiyo hiyo.

Na akishajifungua, akikesha bila usingizi, akisikia sauti au kusema maneno yasiyoeleweka, msiseme ni mwezi utapita. Huo ni ugonjwa wa dharura, nao unatibika. Mpelekeni siku hiyo hiyo, na mtoto asiachwe naye peke yake.