Kiwango Linganifu ni cha Mnunuzi, si cha Hatifungani

Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye kuponi ya asilimia 18.4607, isiyokatwa kodi. Serikali ilitafuta shilingi bilioni 70. Wawekezaji wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 288. Katika mazungumzo ya sokoni ikazoeleka hoja moja: kwa kuwa riba ya hatifungani ya kawaida ya muda kama huo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, msamaha huo ni sawa na kumwongezea mnunuzi asilimia 15 juu ya kuponi.

Hoja hiyo ina makosa mawili. La kwanza ni la hesabu, nalo halihitaji mjadala mrefu. Kodi hukatwa kwenye riba kubwa ya kabla ya kodi, si kwenye riba ndogo inayobaki mkononi. Kwa hiyo kuponi isiyo na kodi hugawanywa kwa 0.85, haizidishwi kwa 1.15. Kwa kugawanya, jibu ni asilimia 21.72. Kwa kuzidisha, ni 21.23, na riba hiyo ikikatwa kodi hubaki asilimia 18.05 tu. Mwenye shilingi milioni moja aliyekubali riba hiyo ya pili akidhani amefikia usawa hupoteza shilingi 4,150 hivi kila mwaka.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo hubaki hata hesabu ikifanywa sawasawa. Kiwango linganifu cha kabla ya kodi huzungumzwa kana kwamba ni sifa ya hatifungani, kama tarehe yake ya kuiva. Sivyo. Kanuni yenyewe, riba isiyo na kodi kugawanywa kwa moja kutoa kiwango cha kodi, inauliza kodi ya nani.

Tuchukue hatifungani ya kawaida ya muda uleule, yenye kuponi ya asilimia 20, na tuiweke mbele ya wanunuzi watatu. Mtu binafsi hukatwa asilimia 15, na kwake kodi hiyo ndiyo ya mwisho. Anabaki na asilimia 17. Kampuni hali yake ni nyingine: zuio ni malipo ya awali tu, kwani riba huingia katika faida inayotozwa asilimia 30, hivyo inabaki na 14. Mfuko wa pensheni uliosajiliwa na kusamehewa kodi unabaki na 20 zote.

Wawili wa kwanza watachagua ile ya miundombinu. Mfuko wa pensheni ukiwafuata utakuwa umetupa karibu asilimia moja na nusu ya mtaji kila mwaka, maana kwake kiwango linganifu ni ileile 18.46. Kwa mtu binafsi ni 21.72, kwa kampuni ni 26.37. Karatasi ni moja, majibu ni matatu, na yote ni sahihi.

Inaweza kujibiwa kwamba wasomaji wengi wa matangazo ya hatifungani hizi ni watu binafsi, kwa hiyo 0.85 inawatosha. Haiwatoshi. Hatifungani ya miaka kumi au zaidi hutozwa zuio la asilimia 10, si 15. Anayelinganisha na karatasi ya aina hiyo anapaswa kugawanya kwa 0.90, na jibu lake hushuka hadi 20.51. Hata kwa mnunuzi mmoja, kiwango hubadilika kufuata kile anachokiacha.

Hata ile 26.37 ya kampuni isichukuliwe bila tahadhari. Kwa kanuni ya jumla ya kodi ya mapato, gharama hupunguzwa pale tu ilipotumika kuzalisha mapato yanayotozwa kodi. Benki inayonunua kwa amana inazozilipia asilimia 10 hubaki na 8.46 katika hatifungani ya miundombinu, na ikiwa gharama ya amana hizo itakataliwa kabisa, haipati nafuu nyingine ya kodi. Ili karatasi ya kawaida iiachie 8.46 hiyohiyo, inatosha ilipe asilimia 22.09. Yaani zaidi ya pointi nne za faida iliyodhaniwa zimeyeyuka. Ni kiasi gani cha gharama kitakataliwa hutegemea jinsi inavyogawanywa kati ya mapato ya aina mbili, lakini mwelekeo wa hesabu haubadiliki.

Kwa sababu hiyo, tangazo linalochapa kiwango linganifu kimoja linapotosha, hata kama halina nia hiyo. Madalali na benki wanaouza hatifungani hizi wachape kiwango cha mtu binafsi, cha kampuni na cha mfuko uliosamehewa, na pembeni ya kila kimoja waandike kodi iliyotumika na karatasi inayolinganishwa.