Picha ya kiwavi imefutwa, lakini kiwavi bado yuko shambani

Juzi shemeji yangu wa Matuga alinitumia picha ya mdudu aliyemkuta kwenye mahindi yake. Nilipofungua simu baada ya sala ya alfajiri nikakuta maneno tu: "Ujumbe huu umefutwa." Nilipompigia akaniambia, "Ilitoka ukungu shemeji, nikaona haya. Lakini ni bungua wale wa kila mwaka."

Nikamwomba anieleze kwa mdomo. Urefu? Kama pingili moja ya kidole, yaani karibu sentimita tatu. Rangi? Kahawia iliyochanganyika na kijivu, na mistari myepesi mgongoni. Alikuwa wapi? Ndani kabisa ya moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochipuka, amejifunika kinyesi kama unga wa mbao uliolowa. Majani je? Yametoboka matundu makubwa, kingo zimechanika.

Hapo nikaanza kumtilia shaka bungua wake. Bungua wa mabua wa huku Pwani ni mweupe wa maziwa, ana madoadoa mwili mzima na kichwa cha kahawia. Akiwa mdogo hutoboa majani vitundu vidogo vilivyopangana mstari, kisha huingia ndani ya bua, na jani la katikati hunyauka. Ukilivuta linatoka.

Nikamwambia arudi shambani amtazame kiwavi kwa karibu, usoni na mkiani. Akakuta usoni alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangana mraba. Basi huyo ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyetoka Amerika akaonekana Afrika mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017.

Tofauti hii ina gharama. Shemeji alikuwa ameshanunua dawa. Lakini kiwavi wa sentimita tatu amekaribia kumaliza kula. Muda si mrefu atashuka ardhini ageuke buu, na dawa haimfikii vizuri chini ya kinyesi chake. Huyo muokote umponde. Wa kupigwa dawa ni wadogo, wasiofika sentimita moja na nusu. Wanajulikana kwa majani yaliyokwanguliwa yakabaki kama vioo vya dirisha.

Kwa hiyo alisimama sehemu tano za shamba, kila sehemu akakagua mimea kumi. Kati ya 50, 13 ilikuwa na dalili mpya. Ikizidi mmoja katika kila mitano na mahindi bado machanga, dawa ina maana. Akapiga jioni, kiwavi anapotoka kula, akielekeza bomba ndani ya moyo wa mmea.

Angekuwa bungua aliyekwisha kuingia kwenye bua, dawa hiyo ingeishia juu ya majani. Dawa yake ni kung'oa mmea ulionyauka, na baada ya mavuno kutoyaacha mabua shambani, kwani humo ndimo anamolala kiangazi chote.

Kwa hivyo ukituma picha, piga moyo wa mmea, uso na mkia. Na ikitoka ukungu, usiifute.