Salio la Pasipoti

"Pasipoti iwe na uhalali usiopungua miezi sita." Sentensi hii imebandikwa kwenye madirisha ya mawakala wa safari hapa Mwanza, imo katika fomu na katika vipeperushi, na aliyeitunga hajulikani, kama ilivyo desturi ya kamati. Sharti lenyewe kila msafiri analijua. Ninaloshindwa kulimeza ni hilo neno "uhalali".

Halali tumeipata Kiarabuni, katika mzizi wenye maana ya kufungua fundo, kisha kuruhusu. Kitu huwa halali au haramu. Hakipimwi kwa miezi. Pasipoti inayokwisha baada ya miezi minne ni halali kabisa: benki wataipokea kama kitambulisho, na ukirudi nayo nchini Uhamiaji watakugongea muhuri. Ila ukitaka kwenda nayo Dubai, hupandi ndege. Ndiyo maana abiria hugomba kwenye kaunta: "Mbona haijaekspaya?" Ana haki ya kugomba, kwa kuwa tangazo lilimwambia habari ya uhalali, na uhalali anao.

Mimi nasema salio. Kitenzi chake ni kusaa, yaani kubaki baada ya vingine kwisha. Kutoka hapo tumepata kusaza, masazo, kusalia na masalia, ukoo mzima wa Kibantu usiodaiwa na mtu. Mvuvi wa Kirumba anajua kuwa laini yenye salio dogo haijafungwa, ila haitoshi kupiga simu ng'ambo. Nililipendekeza neno hili katika kikao kimoja, nikajibiwa kuwa ni "lugha ya vocha". Mjumbe mwingine alileta "bakaa", neno la wahasibu, na wa tatu "muda wa uhai uliobakia", ambalo lingefaa zaidi kutamkwa na daktari. Kikao kikafungwa, uhalali ukabaki.

Faida ya salio ni kwamba linalazimisha swali ambalo uhalali unalificha: linahesabiwa tangu lini? Chukua pasipoti inayokwisha tarehe 10 Machi 2027. Mfanyabiashara wa hapa anataka kufika Dubai tarehe 15 Septemba 2026. Falme za Kiarabu zinadai miezi sita tangu siku ya kuingia, kwa hiyo pasipoti ingepaswa kufika 15 Machi. Zimepungua siku tano, safari imekufa. Pasipoti hiyohiyo akienda nayo Ujerumani, na kuondoka eneo la Schengen tarehe 30 Oktoba 2026, inatosha. Kule wanataka miezi mitatu tangu siku ya kutoka, yaani hadi 30 Januari 2027, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Safari ya pili ni ya baadaye kuliko ya kwanza, na bado ndiyo inayokubalika.

Mhudumu wa kaunta hana masharti haya kichwani. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi na tarakimu. Katika mstari wa pili, nafasi ya 22 hadi ya 27, pasipoti ya mfano wetu ingeandikwa `270310`, mwaka ukitangulia, kisha mwezi na siku. Mashine husoma hapo, na mhudumu hulinganisha uraia, nchi ya kupitia, nchi ya kufikia na tarehe katika hazina ya masharti iitwayo Timatic, inayoendeshwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege. Ukali wake si roho mbaya. Abiria akikataliwa kule, shirika lililomleta ndilo linalobeba jukumu la kumrudisha, na nchi nyingi hulitoza na faini.

Kwa msafiri wa Mwanza kuna mtego mmoja zaidi. Mwenye tiketi moja ya kuunganisha anaweza kukaguliwa hapahapa uwanjani. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali atapanda ya Dar es Salaam bila kuulizwa, kwa sababu ni safari ya ndani, akakwamie Dar akiwa na mizigo na hoteli aliyokwisha kuilipia.

Sharti jingine la pasipoti ni "kurasa tupu", na maneno hayo sina ugomvi nayo. Hapo mashine haisaidii; mhudumu hufunua kwa mkono, na ukurasa wenye muhuri mmoja pembeni si mtupu. Visa ya Schengen hudai kurasa mbili. Wanaovuka Sirari kila mara wazihesabu mapema, maana safari moja ya kwenda na kurudi yaweza kuacha mihuri minne, na hapo pasipoti yenye salio la miaka sita inahitaji kubadilishwa.