Unyumbufu wa Bei: Jinsi ya Kuusoma na Kuukokotoa

Sura ya unyumbufu wa bei huwatatiza wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa uchumi kwa sababu vitabu hutanguliza fomula kabla ya swali lenyewe. Swali ni hili: bei ikipanda, wanunuzi watapunguza manunuzi yao kwa kiasi gani? Alfred Marshall, mwanauchumi wa Uingereza aliyeifafanua dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1890, alipima badiliko kwa uwiano, ili bidhaa inayouzwa kwa kilo iweze kulinganishwa na inayouzwa kwa lita.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa muuza juisi ya miwa. Kwa bei ya shilingi 1,000 huuza glasi 60 kwa siku. Akipandisha hadi shilingi 1,200, huuza glasi 40. Hapa ndipo mwanafunzi hukwama. Akianzia bei ya chini, bei imepanda kwa asilimia 20 na mauzo yameshuka kwa asilimia 33.3, hivyo unyumbufu ni 1.67. Akianzia bei ya juu na kurudi chini, anapata 3. Biashara ni ileile, majibu mawili.

Tatizo hilo huondolewa kwa kugawanya kila badiliko kwa wastani wa namba zake mbili. Glasi 20 zikigawanywa kwa 50 ni asilimia 40; shilingi 200 zikigawanywa kwa 1,100 ni asilimia 18.2. Asilimia 40 kwa 18.2 ni 2.2, popote atakapoanzia. Alama ya kutoa huachwa kwa mazoea.

Jibu linalozidi 1 lina maana kwamba wateja wamekimbia kwa kasi kuliko bei ilivyopanda. Mapato ya muuzaji yanathibitisha: yameshuka kutoka shilingi 60,000 hadi 48,000. Kwa chumvi, ambayo haina mbadala wa karibu na hugharimu sehemu ndogo ya matumizi ya kaya, jibu kwa kawaida huwa chini ya 1, na bei ikipanda mapato huongezeka.

Kosa linalojirudia zaidi katika mitihani ni kudhani kuwa mstari mnyoofu wa mahitaji una unyumbufu mmoja. Katika mfano huu, kila shilingi 10 zinazoongezwa hupoteza glasi moja. Kwa kanuni hiyohiyo, bei ikitoka shilingi 200 hadi 400, mauzo hutoka glasi 140 hadi 120. Glasi zilizopotea ni 20 zilezile, lakini unyumbufu sasa ni 0.23 tu, kwa kuwa glasi 20 ni sehemu ndogo ya mauzo makubwa, na shilingi 200 ni ongezeko kubwa juu ya bei ndogo.

Hesabu hizi husimama iwapo kipato cha wateja na bei za vinywaji vingine havikubadilika. Muda nao huhesabiwa: mteja asiye na pa kwenda leo huenda akapata muuzaji mwingine mwezi ujao.