Biti Moja, Waimbaji Kumi: Ridim Si Wizi, Lakini Iko na Mwenyewe

Hii vita kwa komenti huwa haiishi. Msee wa Manyatta anaachilia ngoma, kabla hata haijafikisha watazamaji mia, mwingine anaweka linki ya ngoma ya msee wa Nyalenda na kuandika, "Hii biti si ni ile ile? Mmeiba!" Hapo mashabiki wa pande zote wanatupiana maneno mpaka usiku wa manane. Na wote wanabishania kitu ambacho Wajamaika walishakipa jina na utaratibu zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kinaitwa ridim. Ukijua ilianza vipi na inafanya kazi vipi, utaona kuuliza "nani ameiba" ni kuanzia mwisho. Swali la kwanza ni hili: biti ni ya nani, na nani alipewa ruhusa?

Tuanze na masikio. Kuna ngoma mbili ambazo hata kama ulizaliwa baada ya 2003, kama umewahi kupanda matatu ya Kondele umezisikia. Moja ni Get Busy ya Sean Paul, ingine ni No Letting Go ya Wayne Wonder. Ya kwanza ni ya kuruka, ya pili ni ya mapenzi taratibu. Sasa zicheze moja baada ya nyingine, lakini ufanye kama sauti ya mwimbaji haipo. Skiza makofi tu. Ni makofi yale yale, yakidunda vile vile. Ridim hiyo inaitwa Diwali, na aliyeitengeneza ni prodyuza wa Jamaika anaitwa Steven Marsden, wanayemjua kama Lenky. Mwaka 2002 kampuni ya Greensleeves ilitoa albamu nzima ya ridim hiyo. Yaani unaweka albamu, ngoma ya kwanza mpaka ya mwisho biti ni moja, wanaobadilika ni waimbaji tu. Mei 2003, Get Busy ilifika namba moja Marekani, na mwaka huo huo dada wa New York anaitwa Lumidee akavuma na Never Leave You, juu ya makofi yale yale.

Hakuna mtu Kingston aliyesema Wayne Wonder amemwibia Sean Paul. Kwa nini? Kwa sababu biti haikuwa ya Sean Paul hata siku moja. Ilikuwa ya Lenky. Kwenye ridim, mwimbaji ni mpangaji. Prodyuza ndiye landilodi, na anaweza kuweka wapangaji kumi kwa ploti moja. Kila mpangaji analeta fanicha yake, yaani maneno na melodi yake, lakini kuta ni za landilodi.

Huu mpango ulitoka wapi? Turudi nyuma kidogo, kati ya 1967 na 1968. Kulikuwa na msee wa Spanish Town, Jamaika, anaitwa Ruddy Redwood, mwenye saundi sistemu. Alienda kuchukua sahani ya ngoma ya kundi la The Paragons kutoka studio ya Duke Reid, na fundi akaikata bila sauti za waimbaji. Ruddy akaicheza hivyo hivyo kwa densi, na watu wakaimba wenyewe yale maneno waliyoyajua. Watu walipagawa. Kuanzia hapo maprodyuza wakaanza kuweka ngoma yenye sauti upande mmoja wa sahani, na upande wa pili biti tupu. Huo upande wa pili wakauita vesheni. Mwaka 1970, U-Roy akaingia studio kwa Duke Reid, akaongea na kuchana juu ya biti za ngoma za zamani, na nyimbo zake zikakalia chati za Jamaika. Biti iliyokuwa imeshazeeka ikaanza maisha ya pili.

Usidhani walifanya hivyo kwa mapenzi ya sanaa peke yake. Piga hesabu kama prodyuza. Siku hizo, kurekodi biti ni kulipa mpiga dramu, mpiga besi, wa gitaa, wa kinanda, na masaa ya studio. Hiyo doo unailipa mara moja. Ukiimbisha mtu mmoja, ngoma ikikufa, umelala njaa. Ukiimbisha kumi juu ya biti ile ile, gharama ya bendi haijaongezeka, na inatosha moja ilipuke. Kwa dijei nayo ni raha, kwa sababu ngoma kumi za spidi moja na kii moja zinaungana bila kelele. Dijei wa disko matanga akikuweka kwa ridim moja dakika 20 na hujakaa chini, ujue ni hiyo hesabu inafanya kazi.

Lakini ridim ina mipaka yake. Mwimbaji wa kwanza anachagua melodi anayotaka. Wa nane anakuta njia zote nzuri zimekanyagwa, na asipopata njia mpya, ngoma yake inasikika kama remix ya mwenzake. Ndio maana ridim kali huwa na ngoma mbili tatu zinazobaki, na zingine zote zinasahaulika. Biti moja inakuonyesha bila huruma nani anajua kutunga na nani alibebwa na prodyuza.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu kuna ridim moja imefika mpaka kwa simu yako. Hesabu moja mpaka nane, pole pole, halafu urudie bila kusimama. Gonga mguu kwa moja na tano. Piga kofi kwa nne na saba. Rudia mara nne, ongeza spidi. Umeisikia? Hiyo ndiyo dramu ya regetoni yote unayoijua.

Wajamaika wawili, Steely na Clevie, walitoa ridim inaitwa Fish Market mwaka 1989. Baada ya hapo Shabba Ranks akatoa Dem Bow, yenye mdundo wa aina hiyo. Waimbaji wa Panama wakaichukua kwa Kihispania, Puerto Rico wakaipokea, na mdundo wenyewe ukabaki na jina la ngoma ya Shabba mpaka leo: dembow. Kutoka huko ukazunguka dunia, na Ethic walipotoka Umoja, Nairobi, na Lamba Lolo mwaka 2018, mlango wa gengetoni ukafunguka. Mdundo ambao gengetoni imeukalia ni jamaa wa karibu kabisa wa huo wa regetoni. Kwa hivyo ukiona mtoto wa Manyatta anachana kwa Kijaluo na Sheng juu ya biti ya gengetoni, hiyo ni safari ya miaka zaidi ya 30 kutoka Kingston, na kila kituo walibadilisha lugha wakaacha dramu.

Hapa ndipo mambo yanakuwa moto. Steely alifariki 2009. Mwaka 2021, Clevie na familia ya Steely walienda kortini California wakidai regetoni imejengwa juu ya Fish Market bila ruhusa yao. Kesi ikakua mpaka ikagusa zaidi ya nyimbo 1,600 na majina makubwa kabisa. Upande wa pili ukajibu kwamba mdundo wa dramu ni wa kila mtu, hauwezi kuwa na mwenyewe. Mei 2024 jaji alikataa kuitupa kesi, akasema iendelee.

Maoni yangu ni haya. Kuna vitu viwili watu wanachanganya. Kuna rekodi, yaani ile sauti yenyewe iliyotoka studio, na kuna mdundo, yaani ile hesabu ya mguu na kofi uliyoipiga sasa hivi. Rekodi iko na mwenyewe na alipwe. Lakini mdundo ukifungwa na kufuli, basi gengetoni ifungwe, na benga pia ifungwe, kwa sababu hakuna mpiga gitaa wa huku ziwani aliyebuni kila mdundo anaoupiga. Steely na Clevie wanastahili heshima na pia chapaa kwa kazi waliyoirekodi. Kuwapa umiliki wa namna ya kuhesabu mpaka nane ni kitu kingine.

Na hapo ndipo wasanii wetu wanaumia, sio California. Siku hizi msee haendi kwa prodyuza. Anaingia YouTube, anatafuta biti ya bure, anaishusha, anarekodi kwa studio ya mtaa. Inafanana na ridim, kwa sababu watu 50 wako juu ya biti moja. Lakini si ridim, kwa sababu hakuna landilodi anayejua wapangaji wake. Tuseme msanii wa kwanza anapeleka ngoma yake kwa msambazaji, na msambazaji anaisajili kwa Content ID. Mfumo unaskiza sauti, haujui historia. Ukikuta biti ile ile kwa ngoma yako, unaweka madai, na pesa ya matangazo inaanza kwenda kwa mtu ambaye pia hakuitengeneza hiyo biti. Sheria za YouTube zenyewe zinasema usisajili biti ambayo haki yake si yako peke yako, lakini watu wanasajili tu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakusaidia ukiijua. Prodyuza akikuambia "hii biti ni yako peke yako", hayo maneno ya mdomo hayatoshi. Haki ya peke yako, au kuuziwa biti kabisa, lazima iandikwe na yeye aweke sahihi. Ruhusa ya kawaida, ile ya kutumia pamoja na wengine, inaweza hata kutolewa kwa mdomo. Kwa hivyo kama huna karatasi, wewe ni mpangaji, na jirani anaweza kuhamia kesho asubuhi. Hiyo si dharau. Sean Paul pia alikuwa mpangaji kwa Diwali.

Kwa hivyo ukisikia ngoma mbili za mtaa ziko na biti moja, kabla hujaandika "mwizi", uliza prodyuza ni nani na alimpa nani. Kama wote walipewa, hapo hakuna kesi, ni mashindano, na wewe shabiki ndio jaji: nani ameiimba vizuri zaidi? Na kama wewe ni prodyuza hapa Kisumu na uko na biti moja kali, usiiuzie mtu mmoja halafu ikufe na yeye. Ita waimbaji sita, kila mmoja aandikiwe ruhusa yake, ipe ridim jina la mtaa, na uitoe kama albamu. Hiyo hesabu ya bendi moja na sauti nyingi bado iko sawa, hata kama bendi yenyewe siku hizi ni laptopu.