Kwa nini mkimbiaji wa Alunguli anachoka haraka akipanda Goma?

Alunguli, ngambo ya kuume ya mto Lualaba, iko chini kidogo ya meta 500 juu ya bahari. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1.500. Kijana anayekimbia vizuri Kindu akifika kule juu anashangaa: mwendo ni ule ule, lakini pumzi inakatika. Wengi wanasema ni baridi. Kumbe sababu kubwa ni hewa yenyewe.

Hewa nyepesi ni nini?

Oksijeni haipunguki kwa sehemu yake. Chini ao juu, inabaki karibu 21 kwa mia ya hewa. Kinachopunguka ni uzito wa hewa unaoisukuma. Kwa hiyo pumzi moja ikibeba oksijeni ya kipimo 10 Alunguli, Goma itabeba karibu 9, na kwenye kilele cha Nyiragongo, meta 3.470, karibu 7 tu.

Chembe nyekundu za damu zinafanya kazi kama pirogi za Lualaba: zinapakia oksijeni kwenye mapafu na kuishusha kwenye misuli. Mtu akiwa ameketi tu Goma, pirogi bado zinajaa karibu kabisa, na hasikii kitu. Lakini akikimbia, damu inapita mbio kwenye mapafu, muda wa kupakia unakuwa mfupi, na pirogi zinaondoka na nafasi tupu. Misuli inakosa oksijeni, na mwendo unashuka.

Mexico, 1968

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilifanyika Mexico, meta 2.240. Kwenye meta 10.000, Ron Clarke wa Australia ndiye alikuwa na rekodi ya dunia: dakika 27 na segonde 39,4. Naftali Temu, kutoka nyanda za juu za Kenya, alishinda kwa dakika 29 na segonde 27,4. Hata mshindi alikuwa nyuma ya ile rekodi kwa segonde zaidi ya 4 kwa kila mzunguko wa kiwanja. Clarke alifika wa sita, akaanguka, na waganga wakampa oksijeni. Lakini mbio fupi zilikwenda kwa kasi sana, juu mtu wa meta 100 hategemei sana pumzi, na hewa nyepesi haimzuii mbele.

Mwili unabadilika namna gani?

Saa za kwanza, mtu anapumua zaidi na moyo unapiga haraka. Ni pirogi zile zile, zinafanya safari nyingi. Siku zinazofuata mtu anakojoa sana: mafigo yanatoa chumvi fulani ili mwili ukubali kuendelea kupumua kwa nguvu, na maji ya damu yanapunguka. Wakati huo mafigo yanatuma pia ujumbe kwenye uboho wa mifupa: tengenezeni chembe nyekundu mpya. Pirogi hizo zinahitaji majuma mawili, matatu ao zaidi kuonekana vizuri, na zinahitaji madini ya chuma, kama yale ya nyama, maharagi na sombe. Mwenye upungufu wa damu hatapata faida hiyo.

Hata hivyo, aliyezoea harudii kabisa nguvu aliyokuwa nayo chini. Na akirudi Kindu, zile chembe za ziada zinapunguka ndani ya majuma machache.

Kwa hiyo, anayekimbia kilometa 5 kwa dakika 20 Kindu asifuate saa yake siku za kwanza Goma. Anaweza kupoteza nusu dakika hadi dakika moja. Afuate pumzi: kama hawezi kusema sentensi fupi wakati wa mazoezi mepesi, anakwenda mbio kupita kiasi.

Hatari inaanza wapi?

Goma na Bukavu si juu sana kwa mtu mzima mwenye afya. Ugonjwa wa mlima unaanza kuonekana kupita meta 2.500. Wapandaji wa Nyiragongo walikuwa wakitoka Kibati, chini ya meta 2.000, na kulala kileleni siku ile ile. Mwili haukupata muda wa kuzoea. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka ziishe. Akianza kuhema hata akiwa ameketi, kukohoa povu, kuchanganyikiwa, ao kushindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, ashushwe mara moja, hata usiku. Kupita meta 3.000, inafaa mahali pa kulala pasipande zaidi ya meta 500 kwa siku.

Mwenye ugonjwa wa selimundu aone munganga kabla ya kupanda, juu damu yenye oksijeni kidogo inaweza kumletea maumivu makali.